Sauti Iliyopanguswa

Watu waliommaliza mume wangu ni watatu, na wote nawajua mpaka kikohozi chao. Wa kwanza ni mwenye pikapu. Wa pili ni askari aliyeandika ripoti bila kushuka kwenye gari lake, kwa sababu chini kulikuwa na matope. Wa tatu ni shemeji yangu, aliyelala tumbo moja na marehemu. Yeye hakumgusa mtu. Alipangusa kioo cha simu tu. Majina yao sitayaweka hapa, kwa maana wakili aliniambia nikiyaweka, atakayeshtakiwa ni mimi. Lakini wakisomewa haya watajijua, na majirani watawajua pia.

Mume wangu alikuwa dereva. Alibeba ndizi na viazi kutoka Gakoromone, pale sokoni Meru mjini, akipeleka Siakago kwa watu wa huko chini ambako jua hukausha kila kitu. Gari halikuwa lake. Alilala nalo, akaliosha, akalijua kuliko mwenyewe, lakini halikuwa lake. Asubuhi ile niliomba anibebe, dada yangu wa Siakago alikuwa amejifungua. Nilipofika uwanjani ambapo walikuwa wanapakia, maneno yalikuwa yameshaisha. Nilikuta mume wangu amekaza taya. Mwenye gari alikuwa anaondoka, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka kukagua ng'ombe. Tandiboi, kijana mwanamume wa kupanga mzigo, mwenye mke na watoto wawili, alikuwa anafunga kamba na hakuniangalia.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Panda," mume wangu akasema.

Tulipovuka Embu na kuanza kuteremka ndipo aliniambia. "Hii breki mguu unaingia mpaka chini. Nimemwambia." Basi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo yana maana. Yaliyofuata yalikuwa ya kumwita Mungu.

Yeye alikufa papo hapo. Mimi nilitolewa na nyonga iliyovunjika na mkono wa kulia ambao vidole vitatu havikunjiki tena. Tandiboi alikuwa juu ya mzigo, akaruka kabla gari halijapinduka, akachubuka magoti. Ndizi ziliokotwa na watu zikaisha kabla hata sijatolewa. Sisemi kwa ubaya. Njaa ni njaa. Lakini nililala pale nikiwaona wakichagua zilizoiva.

Ripoti ya askari ilisema dereva alikuwa anaenda mbio, na kwamba alikuwa anatafuna miraa. Mume wangu! Mtu aliyezaliwa Mikinduri, katikati ya mashamba ya miraa, na hakuitia mdomoni tangu alipookoka. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa anawafukuza watafunaji kwenye ukuta wa kanisa kama mtu anayefukuza mbuzi. Lakini maneno yakishaandikwa na kupigwa muhuri yanakuwa na miguu. Yalifika kanisani kabla ya jeneza. Siku ya mazishi niliona akina mama wawili wakinong'ona, mmoja akaweka ngumi kwenye shavu, hivi, kuonyesha shavu lililojaa.

Kwa hiyo sikutaka kitu kingine. Watu walidhani nataka fidia, nataka shamba, nataka kumfunga mwenye gari. Nilitaka hakimu aseme mbele ya watu kwamba gari lilikuwa halina breki na dereva alikataa kuliendesha akalazimishwa. Aseme tu. Mahakama ilikuwa imepanga kusikiza sababu ya kifo, na mimi nilikuwa nimeshatoa ushahidi wangu. Wakili wa mwenye gari aliniuliza swali moja: "Mama, wewe ulikuwepo marehemu alipoongea na mwenye gari?" Nikasema sikuwepo. "Asante, pole kwa msiba." Akakaa. Pole yake ilikuwa kama mlango unaofungwa taratibu.

Aliyekuwepo ni tandiboi. Alisimama pale na kamba mkononi akasikia kila kitu. Nilimfuata mara mbili kwao Siakago, nikitembea kwa mkongojo katika ule mchanga. Mara ya kwanza alisema hakusikia. Mara ya pili mkewe alitoa chai, tukakaa, na yeye akaangalia ndani ya kikombe muda mrefu.

"Mama, nipe muda nifikirie," akasema. "Nikiamua nitakutumia."

"Nitumie sauti," nikamwambia. "Usiniandikie. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Ongea kama tunavyoongea hapa, nitampelekea wakili asikie."

"Sawa, mama. Nitaongea."

Kila mtu anayenijua hunitumia sauti. Binti yangu, dada yangu, hata mwenyekiti wetu wa kikundi cha akina mama. Hiyo ndiyo desturi yangu na simu, na nani angejua kwamba desturi hiyo ndiyo ingenizika.

Simu yenyewe ilikuwa ya binti yangu. Anafanya kazi saluni Nairobi. Aliponunua mpya akaniachia ile kuukuu, ya kupangusa, na namba zangu akaniwekea. Alinifundisha jambo moja: "Mama, ukiona kitu kimeshuka kutoka juu ya kioo, kibonyeze, kitakupeleka." Nikashika hilo. Mwenyewe nilifungua tu nikiwa nataka kutuma. Nilingoja kitu kishuke kutoka juu, nikibonyeze, nisikize. Kama hakuna kilichoshuka, basi hakuna aliyenitafuta. Ndivyo nilivyojua.

Na umeme kwangu hakuna. Nguzo zilifika kwa shemeji zikasimama. Baada ya mazishi nilikuwa napeleka simu kuchajiwa kwake kila Jumapili nikienda kanisani, naichukua nikirudi. Hata sikuona ubaya. Ni ndugu wa mume wangu. Ndiye aliyeshika mbele ya jeneza. Kwamba mwenye pikapu alikuwa amenunua gari lingine na kumpa shemeji usukani wake, hilo nililiona, lakini niliambiwa na wazee: kazi ni kazi, mwacheni alee watoto.

Jumapili moja nilitoka kanisani, nikapitia kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, simu yangu imechomekwa dirishani.

"Shemeji, karibu. Simu yako imejaa mpaka inataka kupasuka," akasema akicheka. "Lakini unaweka takataka nyingi! Bahati nasibu, mikopo, sijui nyimbo gani. Nimekusafishia."

"Umenisafishia nini?"

"Zile vitu za juu. Zilikuwa zinalia lia, mtoto amelala. Nikabonyeza ile ya kufuta zote."

Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru! Nikala hata mukimo wa mke wake. Jioni nikazima data ili bando lisiishe, nikalala.

Asubuhi ya Jumatatu nikataka kumsalimu tandiboi, maana siku ya mahakama ilikuwa Alhamisi na alikuwa kimya. Nikawasha data, nikafungua mwenyewe ile programu ya kijani tunayotumiana nayo sauti, nikatafuta picha yake. Ni picha ya mtoto wake amevaa kofia. Nikabonyeza. Chini ya maneno yetu ya zamani kulikuwa na mistari miwili ya kijivu iliyolala, na kando yake alama ndogo ya duara lililokatwa kwa mstari. Nilisoma kwa kidole. Ujumbe huu umefutwa. Na chini yake tena: ujumbe huu umefutwa.

Nikampigia. Imezimwa. Nikapigia tena mpaka mkono ukauma. Nikampigia binti yangu.

"Mama, pole pole," akasema. Nyuma yake nilisikia kikausha nywele kikivuma. "Alituma, akafuta. Hivyo ndivyo inavyoonyesha. Wewe hukusikiza kabla hajafuta?"

"Ningesikiza vipi? Hakuna kilichoshuka!"

"Lazima kilishuka. Labda ulipangusa bila kujua."

Nikaona kigoda uani, na simu dirishani, na yale meno ya shemeji.

"Si mimi niliyepangusa," nikasema.

Binti yangu akazima kile kikausha, maana kimya kilikuja ghafla. "Mama, sikiliza. Kwa hiyo simu kuna mahali inaandika kila notifikesheni iliyokuja, hata kama imefutwa kule juu. Inaitwa historia. Kwa simu nyingi huwa imezimwa, lakini kwa hiyo niliiwasha mimi."

"Uliiwasha kwa nini?"

Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Kulikuwa na kijana alikuwa ananiandikia vitu halafu anafuta. Nilikuwa nataka kujua anafuta nini."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo maana humwoni kwetu."

Hata mimi nilicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilicheka wiki hiyo.

Akaniambia niende kwa setingi, halafu notifikesheni, halafu historia. Nilijaribu, yeye akiwa kwa spika. Ile programu ya kijani binti yangu aliiweka Kiswahili, lakini maneno mengine yote ya simu hiyo ni ya Kiingereza. Nikamsomea herufi moja moja, naye anakisia. Tukafika mahali palipo na kitufe kilichowaka rangi ya buluu, nikasema nikibonyeze, akapiga kelele mpaka kuku wakashtuka: "Usiguse hicho! Hicho ndicho cha kuzima. Ukizima, inafuta yote iliyoweka, na ukiwasha tena inaanza upya. Mama, tafadhali. Vidole vyako hivyo vitatu vitatumaliza. Peleka kwa fundi. Na uende sasa hivi, kwa sababu inaweka ya siku moja tu. Kitu kikifika saa ishirini na nne kinaondoka chenyewe."

Nilifanya hesabu bila karatasi. Ibada ilianza asubuhi, nikatoka mchana. Ujumbe ulikuja wakati nikiwa kanisani. Kwa hiyo saa yenyewe nilikuwa naila nikiwa nimesimama jikoni.

Nilifika Gakoromone mvua ikinyesha ile ya kunyunyiza, akina mama wamefunika nyanya kwa mifuko ya nailoni na wenyewe hawajajifunika. Nyuma ya soko, kando ya maduka ya nafaka ya Waislamu, kuna mama mmoja anayetengeneza simu. Kibanda chake kina upana wa mlango. Alikuwa na ushungi wa kahawia na miwani ya kukuza imening'inia kifuani. Nilimjua kwa sababu aliwahi kunibadilishia kioo.

"Mama yangu, karibu. Kioo kimepasuka tena?"

"Hakijapasuka. Kimepanguswa."

Akaniangalia. Nikamweleza, kwa haraka na bila mpangilio, nikianzia breki nikimalizia kuku. Hakunikatiza. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akachukua simu.

"Hujaizima na kuwasha hiyo historia?"

"Sijagusa."

"Alhamdulillahi. Watu wengi huja hapa nikikuta imezimwa, nawaambia warudi nyumbani tu. Haiwezi kukumbuka kitu kilichokuja ikiwa imelala."

Akaingia setingi. Nilisimama kando yake nikichungulia kama mtu anayechungulia kisimani. Juu kulikuwa na kipande cha zile zilizoondolewa karibuni, na chini kipande kingine kirefu, kimepangwa kwa programu, kila moja na picha yake ndogo. Akaanza kunisomea.

"Mkopo wa haraka. Mkopo wa haraka. Umeshinda zawadi, uongo. Betri imejaa. Mama, wewe unapendwa na watu wa mikopo."

"Wananipenda kuliko ndugu zangu."

"Hii ya kijani ina kadhaa." Akagusa mshale mdogo, orodha ikafunguka kama pazia. "Kikundi cha akina mama, kikundi, kikundi. Kikundi tena. Hawa wanawake hawachoki? Huyu binti yako, wa asubuhi." Kidole chake kikasimama. "Huyu."

Niliona jina la tandiboi. Nililijua kwa umbo lake, kama unavyojua mbuzi wako kwa mbali.

"Soma."

"Ameandika: Mama nimeamua. Sikiliza hii ukiwa peke yako."

Nilishika ukingo wa meza yake, bisibisi zikaanguka. Alikuwa ameamua! Yule mwanamume wa kuangalia kikombe alikuwa ameamua, na ulimwengu wote ulikuwa hapo kwenye kioo chenye alama za vidole.

"Endelea," nikamwambia. "Inayofuata. Anasema nini?"

Alisogeza kioo karibu na macho, akakirudisha.

"Mama yangu," akasema, "kinachofuata ni picha ya kipaza sauti. Halafu imeandikwa ujumbe wa sauti. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili."

"Ndiyo. Bonyeza tusikie."

"Hapa hakuna cha kubonyeza."

"Bonyeza, mama. Bonyeza hicho kipaza."

Akaweka simu mezani, akaniwekea mkono juu ya ule mkono wangu mbovu. "Sikiliza nikwambie. Hapa simu inaandika yale maneno yaliyotokea juu ya kioo. Maneno tu. Kama angekuandikia, tungesoma yote hata kama amefuta, kama tulivyosoma hilo la kwanza. Lakini sauti haikuonekana juu ya kioo. Kilichoonekana ni kwamba kuna sauti. Kwa hiyo ndicho kilichowekwa."

"Na sauti yenyewe?"

"Tutafute." Alitafuta, sitamsengenya. Aliingia kwenye mafaili, kule ambako sauti zote huwekwa, akazipanga kwa tarehe. Zilikuwepo za dada yangu, za mwenyekiti wa kikundi akiimba. Ya Jumapili hiyo haikuwepo. "Akifuta kwake kwa watu wote, na kwako inafutwa," akasema. "Ilifika. Ilikaa humu ndani ya simu yako jana mchana mpaka alipofuta. Ilikuwa inakungoja."

Ilikuwa inaningoja. Hilo ndilo neno linalonitafuna, hata leo. Niliichukua simu dirishani mwa shemeji nikaiweka kwenye kikapu, na sauti ya yule mtu ilikuwa ndani, pamoja na vitunguu. Nilitembea nayo mpaka nyumbani. Nilipika nayo. Kama kile kijistari kingekuwa bado juu ya kioo ningekibonyeza pale pale uani, mbele ya shemeji na mukimo wake.

Yule mama alinipigia picha ya kioo kile, skrinshoti, kwa sababu alisema kufikia mchana mstari ule utajiondoa. Akamtumia binti yangu nakala na nyingine akaniwekea. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikakataa kuondoka, na baadaye akafungua tena historia. Za kikundi zilikuwepo, za mkopo zilikuwepo. Ya tandiboi ilikuwa imekwenda. Hakuna aliyeigusa. Saa yake ilikuwa imefika tu.

"Nikupe chai?" akauliza.

"Nipe."

Nilinywa. Haikuwa na ladha.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa shemeji. Alikuwa anaosha gari la yule mtu, suruali imekunjwa.

"Jana uliposafisha simu yangu uliona jina la nani?"

"Jina gani? Mimi sisomi mambo ya watu."

"Iliandikwa juu kabisa. Mama nimeamua."

Alimwaga maji ya ndoo yote kwenye tairi moja. "Shemeji, ni bahati mbaya. Kidole kiliteleza. Nilikuwa natafuta tochi."

"Jana ulisema mtoto amelala."

"Mtoto alikuwa amelala, na nilikuwa natafuta tochi."

"Saa sita ya mchana?"

Mke wake, aliyekuwa anaanika nguo, aliacha kuanika. Shemeji akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona anafanana na mume wangu, kwa paji la uso, na nikamchukia kwa hilo zaidi ya yote.

"Unataka nifanye nini?" akasema kwa sauti ya chini. "Amekufa. Mimi sijafa. Nina watoto wanne na nina gari la mtu la kuendesha. Hata ungesikia hiyo sauti, ungemrudisha?"

Nilichukua mkongojo wangu nikatoka uani. Siwezi kuthibitisha kwamba alisoma. Siwezi kuthibitisha kwamba alimpigia bosi wake, na kwamba bosi wake alienda au alituma mtu Siakago jioni ile. Ninachojua ni kwamba ujumbe ulipanguswa mchana na ulifutwa kabla ya asubuhi, na katikati hapo kuna mtu mmoja tu aliyeuona. Mimi si hakimu. Nimemweka wa tatu. Mwenye kutaka kumtoa na amtoe.

Siku iliyofuata nilienda Siakago. Mke wa tandiboi alinipokea mlangoni, hakunikaribisha. Nyuma yake, chini ya paa la mabati, niliona pikipiki mpya, bado ina karatasi ya nailoni kwenye kiti.

"Hayupo."

"Nimeona viatu vyake."

Akatoka mwenyewe. Alikuwa amekonda. Nikampa simu, nikamwonyesha picha ya kioo. Aliisoma, akaisoma tena. Nadhani hakujua kwamba kuna mahali maneno yanabaki.

"Mama, hii nilikosea," akasema. "Ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa wimbo."

"Imeandikwa mama nimeamua. Umeamua wimbo?"

"Ilikuwa ya mama yangu."

"Mama yako tulimzika mimi nikiwepo. Nilibeba sufuria."

Mkewe aligeuka akaingia ndani. Yeye akabaki amesimama, simu yangu mkononi, kidole gumba kikipita juu ya kioo kana kwamba angeweza kuondoa kitu. Kuku walipita. Kwa mbali mtu alikuwa anapasua kuni.

"Niambie sasa," nikasema. "Hapa hapa. Si lazima mahakamani. Niambie mimi tu mwenye gari alimwambia nini mume wangu."

Mdomo ulifunguka. Mungu ni shahidi, ulifunguka. Halafu akaangalia pikipiki.

"Nilisahau, mama. Tangu nianguke, kichwa changu hakishiki."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayempa mkwe wake kitu.

Alhamisi aliitwa mbele ya hakimu akasema hivyo hivyo: hakumbuki. Wakili wangu, ambaye kwa kweli alikuwa na huruma lakini alikuwa na mafaili mengi kuliko huruma, alisimama akasema kuna picha ya simu. Wakili wa mwenye gari akapinga. Hakimu akaomba aione. Ni mama wa umri wangu. Alivaa miwani akaitazama muda wa kutosha.

"Hii inasema kulikuwa na sauti," akasema. "Sauti iko wapi?"

"Ilifutwa, mheshimiwa."

"Inasema ameamua. Ameamua nini?"

Wakili akaniangalia. Nikasimama, ingawa sikuitwa.

"Kusema ukweli, mheshimiwa."

"Mama, keti tafadhali. Hayo unayasema wewe. Hii picha haiyasemi."

Na alikuwa sawa. Huyo sijamweka kwenye orodha yangu. Alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa kipaza sauti na dakika. Uamuzi ulikuja mwezi uliofuata, kwa Kiingereza, nikatafsiriwa na karani aliyekuwa na haraka ya chakula: dereva alishindwa kulidhibiti gari kutokana na mwendo. Hakuna ushahidi wa ubovu. Maneno ya miraa yalibaki mle mle. Mwenye gari alimpa mkono wakili wake, kisha akaja akanipa na mimi mkono, mbele ya watu, akasema tumwachie Mungu. Nikautazama ule mkono mpaka akaurudisha mfukoni.

Binti yangu anasema nihamie Nairobi. Dada yangu anasema niachane na simu. Mimi nimewaambia watu wote wanaonijua waniandikie, hata kama nitasoma siku nzima kwa kidole. Wengine wameandika mara moja, wakachoka, wakarudia sauti. Yule mama wa Gakoromone alinionyesha njia ya kwenda kule kwenye historia, na sasa naijua hata gizani. Huwa naenda. Nakuta mikopo, nakuta kikundi, na kesho yake hata hizo zimeondoka.

Nguzo za umeme bado zimesimama kwa shemeji. Jirani mwingine mwenye umeme yuko ng'ambo ya mto, na nyonga yangu haivuki mto. Kwa hiyo kila Jumapili bado napeleka simu pale. Tofauti ni kwamba siendi tena ibada. Naichomeka dirishani, navuta kigoda, nakaa kando yake nikiangalia kioo kule juu. Shemeji anapita na ndoo yake, ananisalimu, namwitikia. Mke wake ananiletea chai. Nakaa mpaka ijae. Hakuna mtu ambaye ametuma kitu.